Saa ya Kuondoka: Toroli la Chakula Linalohama Kati ya Sae, Forest na Mwanjelwa

Mtu anayeuza chakula mahali pamoja hupanga siku yake kwa kuanzia saa ya kufungua. Mimi ninauza kwa toroli linalohama mara tatu kwa siku hapa Mbeya, na miaka ya kazi hii imenionyesha kwamba kwa sisi tunaohama mpango huanzia upande wa pili, yaani saa ya kuondoka. Kila kifaa ninachokibeba, kila aina ya moto ninaouwasha na kila mtu ninayemwomba nafasi, nimevichagua kwa kujiuliza swali moja: saa ikifika, nitaweza kuondoka hapa salama, kwa muda gani, na nikiwa nimebeba nini? Nitaeleza jinsi swali hilo linavyofanya kazi katika siku yangu ya kawaida, kwa sababu ninawaona wengi wakinunua vifaa vizuri vya kibanda cha kudumu, kisha wanashangaa kwamba toroli halisogei.

Asubuhi ninauza chai, chapati na mayai ya kuchemsha karibu na kituo cha daladala cha Sae, kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 2. Mchana ninauza chips na kachumbari kwa mafundi wa jengo linalojengwa eneo la Forest. Jioni ninashuka Mwanjelwa, ambako ninauza chips, mayai na mishikaki hadi saa 3 usiku. Nyumbani ni Ilomba, kwa hiyo mzunguko wote unaanza na kuishia upande mmoja wa mji, na sikuchagua vituo hivi kwa kuangalia wateja peke yao. Kulikuwa na sehemu nzuri zaidi upande wa Mbalizi na upande wa Uyole, lakini toroli la kusukumwa kwa mikono halipaswi kupoteza saa mbili barabarani kati ya mauzo na mauzo, hasa katika barabara kuu hii inayobeba malori ya kwenda Tunduma.

Chakula cha kila kituo kimepangwa kwa moto. Asubuhi sikaangi kitu chochote: chapati zimepikwa nyumbani, na kituoni ni kuchemsha tu. Mchana ninakaanga kwa gesi. Jioni ndipo ninapowasha mkaa kwa ajili ya mishikaki. Mpangilio huu una sababu. Jiko la mkaa linahitaji kama nusu saa hadi moto ukolee, na likishakolea halizimiki kwa sababu wewe una haraka. Ukilimwagia maji unaharibu udongo wa jiko na kujaza moshi mahali ulipopewa kwa hisani, na ukiliweka kwenye toroli likiwa na makaa, upepo wa barabarani unayachochea na cheche zinaruka kwenye turubai. Kwa hiyo mkaa nimeupa kituo cha mwisho, ambako ninaweza kuacha kuongeza makaa saa 2 usiku, jiko likajifia lenyewe taratibu huku wateja wa mwisho wakila. Gesi nimeipa vituo ambavyo lazima niviache, kwa kuwa hiyo unafunga koki na moto umekwisha dakika hiyohiyo.

Lakini gesi nayo ina tabia yake katika nchi hii ya baridi, na watu wanaotoka Dar es Salaam au Morogoro kuja kufanya kazi kama hii huku Nyanda za Juu hawaijui. Mwezi Juni na Julai, alfajiri ya Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na mtungi mdogo wa kilo 6 uliolala nje au kwenye banda la mabati unakuwa wa baridi kali. Ndani ya mtungi gesi ipo katika hali ya kimiminika, na ili ifike kwenye jiko lazima kwanza igeuke kuwa hewa. Kugeuka huko kunahitaji joto, na joto hilo linatoka kwenye kimiminika chenyewe na kwenye chuma cha mtungi. Ukifungua jiko kubwa lenye moto mkali, gesi inageuka kwa kasi kuliko mtungi mdogo unavyoweza kupata joto kutoka hewani, na matokeo yake mtungi unazidi kupoa, msukumo unapungua, na moto unakuwa mdogo kabla sufuria ya chai haijachemka.

Mara ya kwanza tatizo hili liliponipata nilidhani muuzaji wa gesi amenipa mtungi nusu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji jirani yangu aliniambia nipitishe kiganja ubavuni mwa mtungi kutoka juu kwenda chini. Juu ulikuwa na ubaridi wa kawaida, na kuanzia katikati kwenda chini ulikuwa baridi sana na umelowa umande.

"Mwanangu, pale umande unapoanzia ndipo gesi yako ilipofika," akaniambia. "Bado ipo ya kutosha. Imepatwa na baridi tu."

Tangu hapo ninatofautisha mambo mawili. Mtungi ulioisha ni mwepesi, ukiutikisa hausikii kitu kikichezacheza ndani, na moto wake hufifia hadi kuzimika na haurudi. Mtungi uliopoa bado ni mzito, una umande au hata barafu nyembamba sehemu ya chini, na ukifunga jiko kwa robo saa moto hurudi kwa muda. Anayeshindwa kutofautisha atarudisha mtungi dukani ukiwa na gesi ndani, na gesi hiyo hatalipwa.

Suluhisho langu lilikuwa kuacha mitungi ya kilo 6 na kuchukua mmoja wa kilo 15. Mtungi mkubwa una eneo kubwa zaidi la chuma linalokutana na hewa na una kimiminika kingi kinachotunza joto, kwa hiyo haupoi upesi kwa jiko lilelile. Hasara yake ni uzito, maana ukiwa umejaa, chuma na gesi kwa pamoja hufika kama kilo 30, wakati ule mdogo ni kama nusu ya hapo au pungufu. Kwa asubuhi za baridi sana ninausimamisha kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unaweza kukaa ndani bila shida. Usiweke maji yanayochemka, na kamwe usisogeze mtungi karibu na moto ili upate joto, kwa sababu msukumo wa ndani utapanda bila wewe kuwa na namna ya kuuona. Nimeona pia watu wakizungushia bati jiko na mtungi pamoja ili kukinga upepo wa Agosti. Bati la kukinga upepo ni zuri na linaokoa gesi, ila lazima mtungi ubaki nje yake. Kila baada ya kuhama, kabla ya kuwasha, ninapaka povu la sabuni kwenye maungio ya regyuleta na mpira, kwa kuwa mtikisiko wa barabara hulegeza kile kilichokuwa kimekaza asubuhi. Mapovu yakivimba, ninafunga koki na kukaza upya, na siwashi hadi yaache kuvimba.

Sasa nije kwenye kituo cha mchana, kwa sababu hapo ndipo masuala yote matatu ya saa, ruhusa na vifaa yanapokutana, na ndipo faida ya siku inapopatikana au kupotea.

Mafundi na vibarua wa jengo hupumzika saa 6:30 hadi saa 7 mchana. Ni nusu saa tu, na wanakuja wote kwa pamoja wakiwa na njaa. Karai langu huwekwa mafuta lita 4. Kwa kiasi hicho ninaweza kukaanga viazi kama gramu 600 kwa mara moja. Ukizidisha, mafuta yanapoa, viazi vinanyonya mafuta na vinatoka vimelegea. Viazi vibichi vilivyokatwa vinahitaji dakika 10 hivi kuiva vizuri hadi kuwa na rangi. Kwa hiyo katika nusu saa ningekaanga mara tatu tu, na kila mara inatoa sahani mbili, kila moja ya viazi vibichi gramu 300. Hizo ni sahani sita. Kwa bei ya shilingi 2,000 ningepata shilingi 12,000 kutoka kwa kundi la watu zaidi ya ishirini, na wengine wote wangeondoka kwenda kununua mkate na soda dukani.

Wengi wakifika hapo wanafikiri dawa ni karai kubwa na jiko kubwa. Kwenye kibanda cha kudumu ni kweli. Kwenye toroli, karai kubwa maana yake ni mafuta mengi ya moto saa ya kuondoka, na mafuta ya moto ndiyo kitu kibaya kuliko vyote katika kazi yetu. Mafuta yaliyofika nyuzi 180 yakiwa mengi kwenye karai lenye kina hukaa zaidi ya saa moja kabla hujaweza kuyagusa au kuyamimina. Hayatoi mvuke kama maji, hivyo kwa macho yanaonekana yametulia wakati bado yanaweza kuchubua ngozi. Ukiyamimina kwenye dumu la plastiki kabla hayajapoa, dumu linalegea na kupasuka. Ukisukuma toroli likiwa na karai la mafuta ya moto, gurudumu moja likidumbukia kwenye shimo yanamwagikia miguu ya anayesukuma. Hilo nimelishuhudia kwa jirani yangu wa kazi pale Mafiati, na kovu lake bado lipo.

Kwa hiyo niliacha karai dogo libaki dogo, na kazi ya moto nikaigawa mara mbili. Saa 3 asubuhi, nikisharudi kutoka Sae, ninakaanga viazi nyumbani kwa mara ya kwanza kwa moto wa wastani, mafuta yakiwa kama nyuzi 150, kwa dakika tano au sita. Lengo hapa ni kiazi kiive ndani na kilegee bila kubadilika rangi. Ukikibana kwa vidole kinapondeka, lakini bado ni cheupe. Ninavitandaza kwenye sinia pana zilizotandikwa karatasi ili vitoe mvuke na kupoa, kisha navipanga kwenye ndoo safi zenye mifuniko. Visipopozwa kwanza vinatoa jasho ndani ya ndoo na kushikana. Pale Forest vinaingia kwenye mafuta ya nyuzi 180 kwa dakika mbili au tatu tu na kutoka vimekauka nje na laini ndani. Ukijumlisha na muda wa mafuta kurudisha joto, kila mkupuo unachukua kama dakika 4, hivyo nusu saa ileile inatoa mikupuo saba, yaani sahani 14. Ninaongeza mikupuo mitatu kabla ya saa 6:30, ambayo inakaa kwenye kabati la kioo na kuondoka dakika tano za kwanza, na ninakuwa na sahani 20 kwa karai lilelile la lita 4. Mauzo yanatoka shilingi 12,000 hadi 40,000 bila kuongeza hata lita moja ya mafuta ya moto.

Viazi vilivyoiva nusu si vya kulaza. Hata kwa baridi ya huku ninavitumia siku hiyohiyo, na vinavyobaki mchana vinaingia kwanza kwenye karai la jioni.

Saa ya kuondoka Forest ni saa 8:30, nami ninafunga gesi saa 7 kamili, hata kama bado kuna watu wawili watatu wanaokuja. Hao wanahudumiwa kwa kilichobaki kwenye kabati, na kama kimekwisha ninawaambia kwa upole kwamba karai limefungwa. Ni vigumu kukataa fedha iliyosimama mbele yako, ninajua, lakini kila mkupuo wa ziada unarudisha joto la mafuta mwanzo na kusogeza mbele saa ya kuondoka. Wakati mafuta yanapoa ninaosha sahani, ninafuta toroli, ninahesabu. Nina kipimajoto cha mafuta cha chuma, na nikiona nyuzi zimeshuka chini ya 60 ninayapitisha kwenye kichujio kuingia kwenye debe la chuma lenye mfuniko wa kukaza. Kabla sijanunua kipimajoto nilikuwa nasubiri saa moja na nusu bila kukadiria, na siku za baridi nilipoteza muda bure. Makombo yanayobaki kwenye kichujio ninayatupa, kwani ndiyo yanayoungua mara ya pili na kuyafanya mafuta yawe meusi na kutoa moshi mapema.

Kuhusu ruhusa ya mahali pale, niseme jambo ambalo wageni wa kazi hii hulichanganya. Kuwa na kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, vile vilivyoanza kugawiwa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000, au kuandikishwa kwa utaratibu wowote uliofuata, ni utambulisho wako wewe kama mfanyabiashara. Haukupi kiwanja cha kusimama. Cheti cha kupimwa afya, ambacho sisi wauza chakula tunatakiwa kukihuisha kila baada ya miezi sita, kinahusu mwili wako na si mahali. Ruhusa ya mahali inatoka kwa mwenye ardhi ile, na ardhi ya mjini ina wenyewe wengi. Ukisimama kando ya barabara kuu uko kwenye hifadhi ya barabara iliyo chini ya TANROADS, ambayo kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukiingia barabara za mitaa, msimamizi ni TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Maeneo yaliyotengwa kwa machinga yako chini ya halmashauri na viongozi wa machinga wa eneo husika. Baraza la duka ni la mwenye duka. Asiyejua anasimama juu ya ardhi ya nani anaweza kumlipa mtu asiyehusika na bado akahamishwa kesho yake. Hata watu waliokaa miaka kando ya barabara kuu walilazimika kusogea ulipoanza upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kwa kuwa ile ardhi haikuwa ya kukaa.

Pale Forest kulikuwa na sehemu mbili za kusimama: nje ya uzio, kivuli kizuri chini ya mti, au ndani ya uzio wa ujenzi karibu na stoo ya saruji, mahali penye vumbi. Mlinzi wa getini alikuwa tayari kuniruhusu nje kwa shilingi 1,000 kwa siku. Nilimshukuru, nikaomba kuonana na msimamizi wa ujenzi. Nje palikuwa ni barabara ya mtaa, na mlinzi hakuwa na mamlaka napo. Shilingi 1,000 ile ingenunua ukimya wake tu. Ndani ni ardhi ya mwenye jengo, na msimamizi ni mwakilishi wake. Tulikubaliana mambo matatu na akayaandika kwenye karatasi yenye namba yake ya simu: nisimame upande wa mbali na mbao na nondo, niondoe taka zangu mwenyewe, na niwe nimetoka kabla ya saa 9 malori ya mchanga yanapoingia. Vumbi nililikinga kwa turubai upande mmoja na kwa kuweka vyakula vyote ndani ya kabati. Nakala ya karatasi ile niliipeleka kwa mtendaji wa mtaa ili ajue mtu anayesukuma toroli mtaani kwake kila mchana ni nani. Hakunidai chochote, na siku askari mgambo walipopita kukagua, hilo liliokoa maelezo mengi.

Faida kubwa ya kuzungumza na msimamizi badala ya mlinzi ilikuja baadaye, nayo ni ratiba. Jioni moja alinipigia simu.

"Dada, kesho tunamwaga zege ya ghorofa ya kwanza. Usije saa sita kama kawaida."

"Nije saa ngapi, kaka?"

"Njoo saa nane. Wakianza kumwaga hawasimami hadi wamalize. Na watakuwa wengi, zaidi ya hamsini."

Siku ya zege ina utaratibu wake. Zege ikishaanza kumwagwa haiwezi kuachwa katikati ili watu wakale, kwa sababu iliyotangulia itaanza kukaza na ile inayofuata haitashikana nayo vizuri. Vibarua wa siku moja wanaongezwa kubeba ndoo, na chakula kinaliwa ama kwa zamu za watu wachache wachache, ama wote kwa pamoja kazi ikiisha, saa 9 au hata saa 10. Kama ningefika saa 6:30 na viazi vyangu vya sahani 20, ningekaa na moto unaowaka bila mteja, kisha wangetokea watu hamsini wakati ninatakiwa kuondoka. Kwa siku kama hiyo ninafanya hivi: ninakaanga mara ya kwanza viazi vya sahani 50 nyumbani, nikianza saa 4 badala ya saa 3 ili visikae muda mrefu, ninafika saa 8, ninaomba upya saa ya kutoka, kwa kuwa siku hiyo ratiba ya malori nayo imebadilika, na jioni siwashi karai Mwanjelwa, ninauza mishikaki ya mkaa na ndizi za kuchoma tu. Kituo cha jioni kinapungua mapato, lakini kuhama kutoka Forest saa 11 na kutaka kuwa na mafuta yaliyopoa, viazi vipya na moto tayari Mwanjelwa ndani ya saa moja hakuwezekani kwa toroli moja na watu wawili. Zege lenyewe linalipa pengo.

Tukitoka hapo tunateremka Mafiati kuelekea Mwanjelwa, na mteremko ndio mtihani wa toroli. La kwangu nilichongesha kwa fundi wa kuchomelea nikiwa na mambo mawili kichwani. Kwanza ni magurudumu: niliomba mawili makubwa ya pikipiki katikati, na mguu wa kusimamia mbele na nyuma. Magurudumu manne madogo ya chuma yanapendeza kwenye sakafu, lakini kwenye changarawe na matope ya Januari yanazama. Pili ni mahali uzito unapokaa. Toroli lenyewe ni kama kilo 70, mtungi 30, viazi 20, vyombo na kabati 20, na kama ningebeba ndoo mbili za maji ningeongeza kilo 40. Vitu vizito vyote, yaani mtungi na debe la mafuta, vinakaa chini kabisa na juu ya ekseli, vimefungwa kwa mikanda ya mpira, ili anayesukuma asibebe uzito kwa mikono bali asukume tu. Maji ya kuosha sipandi nayo. Ninapanda na lita 10 za maji yaliyochemshwa kwa ajili ya kachumbari na kunywa, na ya kuosha ninayanunua kwa ndoo kutoka bomba la nyumba iliyo jirani na jengo. Maji ya simtanki la ujenzi siyagusi, maana vibarua wanachovya humo ndoo zenye saruji.

Wakati wa kushuka, mdogo wangu anashika mbele upande wa kulia na mimi ninakaa nyuma nikivuta, kwa mwendo wa kutembea, tukitumia breki ya kamba inayobana gurudumu. Hatusimami mbele katikati ya toroli, ambako likiponyoka litakupitia. Mtungi unafungwa koki na regyuleta inatolewa kabisa kabla ya safari; kufunga jiko pekee hakutoshi, maana mpira ukinaswa na kitu njiani gesi itatoka.

Mwanjelwa ninasimama kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi linalofungwa saa 12 jioni. Makubaliano na mwenye duka yanataja saa kuliko fedha: siwashi chochote kabla hajafunga mlango wa mwisho, na asubuhi asikute doa la mafuta wala jivu. Kwa hiyo mkaa ninauwasha kando, kwenye eneo la wazi lililotengwa kwa wafanyabiashara wadogo, ambako ushuru unakatiwa risiti, na ninaingia barazani jiko likiwa limekolea. Chini ya karai ninatandika bati lililokunjwa kingo, ambalo linadaka matone yote. Risiti za ushuru ninazitunza kwenye bahasha moja na karatasi ya msimamizi wa ujenzi na cheti cha afya, na bahasha hiyo inakaa kwenye droo ya toroli siku zote, kwa kuwa anayekagua hatasubiri niende Ilomba kuileta.

Mvua za msimu zikianza mwezi Novemba, mpango wote unasogea kwa sababu moja: mvua ya Mbeya hupenda kunyesha alasiri, palepale kati ya kituo cha mchana na cha jioni, na tone la maji likiingia kwenye mafuta ya moto yanaruka. Miezi hiyo ninazima karai la Forest saa 6:55, ninalifunika kwa mfuniko wa chuma hata kabla wingu halijatanda, na mishikaki ya jioni ninaipunguza nusu hadi nione anga la saa 10 lilivyo. Baraza la duka lina paa, lakini njia ya kulifikia haina. Mwaka jana niliongeza turubai la pili linalofunika kabati na ndoo za viazi peke yake, lenye vitanzi vya kufunga chini, na ndilo ninalolitandaza kwanza kabla ya kusukuma.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiongeze kituo cha nne, pengine kwenye lango la chuo, kati ya saa 9 na saa 11. Nimekipiga hesabu mara kadhaa kwa karatasi. Wateja wapo, na nafasi naweza kuipata. Kinachokosekana ni muda wa mafuta kupoa mara mbili ndani ya alasiri moja, na sitabeba mafuta ya moto barabarani kwa ajili ya sahani za ziada. Kama nitaongeza kituo hicho kitakuwa cha chai na chapati, na ili kiwepo lazima kwanza nipate toroli la pili na mtu mwingine wa kulisukuma.